Jibu lako linajuaje njia ya kurudi kwenye tiketi yake?

"Nikiandikia huduma kwa wateja napewa namba ya tiketi. Siku ya tatu najibu, na hata nikiifuta ile namba kwenye mada, jibu langu linaingia palepale. Mfumo unajuaje?"

Kila barua pepe hubeba maandishi ambayo programu yako haikuonyeshi. Ukiwa kwenye kompyuta, fungua barua yoyote ya Gmail, bonyeza vitone vitatu vya pembeni, kisha `Show original`. Utaona mistari mingi iliyotangulia salamu. Hivyo ndivyo vichwa vya barua, na kumbukumbu ya nani anamjibu nani imeandikwa humo.

Tuchukue mteja aliyenunua pampu ya maji. Pampu haiwaki, anaandika kwa msaada@example.com na kuambatisha picha ya risiti. Programu yake ya barua inaipa barua hiyo utambulisho wake wa pekee:

```
To: msaada@example.com
Subject: Pampu haiwaki
Message-ID: <a71f@example.org>
```

Seva ya kampuni inaipokea na kuikabidhi kwa mfumo wa tiketi. Mfumo unatafuta kama barua hii inataja barua yoyote ya nyuma. Haitaji, kwa hiyo inafunguliwa tiketi mpya, namba 4812, na ule utambulisho `a71f` unaandikwa kwenye hifadhidata kando ya tiketi. Watu wengi wanaojenga mifumo hii kwa mara ya kwanza huruka hatua hiyo ya mwisho, halafu wanashangaa baadaye majibu yanapopotea.

Mhudumu anaandika: "Tafadhali tutumie namba iliyo chini ya pampu." Barua inayotoka inakuwa hivi:

```
Reply-To: msaada+4812-k9x2@example.com
Subject: Re: Pampu haiwaki [#4812]
Message-ID: <4812-k9x2@example.com>
In-Reply-To: <a71f@example.org>
References: <a71f@example.org>
```

Mteja akibonyeza kitufe cha kujibu, programu yake inafanya kazi tatu kimyakimya. Inapeleka jibu kwenye anwani ya `Reply-To`, inanakili utambulisho wa barua anayoijibu na kuuweka kwenye `In-Reply-To`, kisha inauongeza mwishoni mwa orodha ya `References`. Anaweza kuifuta mada yote na kuandika "jamani vipi". Vichwa hivyo havimo kwenye kisanduku anachoandikia, kwa hiyo hawezi kuvigusa kwa bahati mbaya.

Ndiyo maana mfumo mzuri hauanzi na mada. Unaanza na anwani. Seva nyingi hukubali alama ya kujumlisha katikati ya anwani na kupeleka barua kwenye kikasha kilekile, huku maneno yaliyo nyuma ya alama yakibaki kusomeka. Kipande kile `k9x2` ni siri fupi iliyobuniwa na mfumo. Katika kazi halisi huwa kirefu zaidi ili mtu asikikisie. Kama anwani haina siri hiyo, mfumo unasoma `References` kuanzia mwisho kwenda mwanzo, ukitafuta utambulisho wowote unaoufahamu. Namba ya kwenye mada huja mwisho kabisa, na mimi siikubali bila kuangalia kwamba mtumaji ni yuleyule aliyefungua tiketi. Namba za tiketi hufuatana. Anayejua kuwa yake ni 4812 anajua pia kuna 4811, na akiiandika kwenye mada ataingiza maneno yake katika mazungumzo ya mtu mwingine.

Uzi wa mazungumzo hukatika wapi, basi? Mara nyingi ni pale mteja anapoandika barua mpya kabisa badala ya kujibu. Ameliona jina la kampuni kwenye orodha ya anwani zake, amelibonyeza, ameanza upya. Hapo hakuna `In-Reply-To` wala siri. Mfumo ukijaribu kubahatisha kwa jina lake, utachanganya malalamiko ya pampu na swali lake la bei ya mabomba. Afadhali ifunguliwe tiketi mpya, na mhudumu aonyeshwe pembeni kuwa mtu huyu ana nyingine iliyo wazi. Kuziunganisha tiketi mbili ni kazi ya sekunde chache, lakini kuzitenganisha zilizochanganywa kunaweza kukuchosha nusu saa.

Kuna chanzo kingine kinachowatesa mafundi, kwa sababu kila kitu huonekana sawa kwenye msimbo wao. Baadhi ya huduma za kutuma barua hufuta `Message-ID` uliyoiweka na kuweka ya kwao. Amazon SES ni mojawapo. Wewe umehifadhi `4812-k9x2`, mteja amepokea utambulisho mwingine, na akijibu anautaja huo usioujua. Kwa mfumo unaotegemea utambulisho huo peke yake, bila siri kwenye anwani, dalili yake ni kwamba majibu ya kwanza yanafika vizuri kwa kubahatika na `a71f` iliyomo kwenye `References`, ila tiketi iliyoanzishwa na mhudumu mwenyewe haipati jibu hata moja. Dawa ni kuhifadhi utambulisho ambao huduma inakurudishia baada ya kutuma, si ule uliouandika.

Utambulisho huohuo hukuokoa na tiketi pacha. Seva inayopokea barua inapaswa kuitikia kwa namba 250, maana yake "nimepokea". Ikiwa mfumo umekwisha kuhifadhi barua lakini ukazimika kabla ya kuitikia, mtumaji ataamini haikufika na ataituma tena. Hata mteja aliyeweka anwani zenu mbili kwenye barua moja ataleta nakala mbili. Zote zina `Message-ID` moja, kwa hiyo nakala ya pili unaipokea kwa heshima na kuiacha.

Sasa ile picha ya risiti. Barua pepe ilibuniwa kubeba herufi tupu. Mwaka 1992 ulikuja utaratibu uitwao MIME, uliotengenezwa na Nathaniel Borenstein na Ned Freed, ambao unaigawa barua katika vipande, kila kimoja kikiwa na lebo ya aina yake. Barua ya mteja wetu ina kipande cha maandishi matupu, kipande cha maandishi yaleyale yaliyopambwa kwa rangi, na kipande cha `image/jpeg`. Picha imegeuzwa kuwa herufi kwa njia ya base64: kila baiti tatu huandikwa kwa herufi nne. Hivyo faili hunenepa kwa theluthi moja na zaidi kidogo likiwa safarini. Faili la megabaiti 15 huvuka 20, na seva yenye kikomo cha 20 italikataa, huku mteja akiapa kwamba faili lake ni dogo. Anasema kweli. Kikomo unachomtangazia mteja lazima kiwe chini ya kile cha seva.

Kazi ngumu hasa ni kutofautisha risiti na nembo. Wafanyakazi wengi wa ofisi wana nembo ya kampuni yao chini ya sahihi, na nembo hiyo husafiri kama kipande cha picha katika kila jibu. Baada ya majibu kumi, tiketi ina viambatisho kumi vya `image001.png` na risiti moja iliyozama katikati yao. Kishawishi ni kutupa kila picha yenye lebo ya `inline`, yaani iliyopangwa kuonekana ndani ya maandishi. Usifanye hivyo. Programu ya barua ya iPhone huweka lebo hiyohiyo kwenye picha ambazo mtu amezichagua mwenyewe kuzituma. Nilishawahi kuona wahudumu wakimwomba mama mmoja picha ya risiti mara tatu, naye anajibu kwa ukali unaoongezeka kwamba ameshaituma, na kweli alikuwa ameituma mara zote tatu. Njia iliyo salama ni kuhifadhi kila kitu, kukokotoa alama ya utambuzi ya kila faili kutokana na yaliyomo, na kuificha picha tu pale ambapo alama yake imeshajirudia katika barua za nyuma za mtumaji huyo. Nembo hujirudia. Risiti huja mara moja, na hata ikija mara mbili, ile ya kwanza bado inaonekana.

Ukiona kiambatisho kinaitwa `winmail.dat`, mteja hajakosea. Outlook yake imefungasha barua kwa mtindo wa Microsoft, na mafaili halisi yamo ndani ya furushi hilo. Programu ndogo iitwayo `tnef` hulifungua.

Kisha kuna duara. Mfumo hutuma jibu la kiotomatiki: "Tumepokea ujumbe wako." Kikasha cha mteja aliye likizo nacho hujibu: "Sipo ofisini." Mfumo unaona jibu, unashukuru tena. Asubuhi moja baada ya sikukuu nilikuta tiketi moja ina majibu zaidi ya mia tatu, na hakuna binadamu aliyekuwa ameandika hata neno. Tangu 2004 kuna kanuni kwamba barua inayojibiwa na mashine ijitambulishe hivi:

```
Auto-Submitted: auto-replied
```

Barua yenye mstari huo haistahili kushukuriwa, na shukrani zako mwenyewe lazima ziubebe. Kwa kuwa si kila mashine inaiheshimu kanuni, weka pia ukomo: anwani moja isipate shukrani zaidi ya moja ndani ya saa kadhaa kwa tiketi ileile.

Barua iliyoshindwa kufika hurudi na taarifa yake, na taarifa hiyo huwa na anwani tupu ya kurudishia, `<>`, kwa makusudi, ili asiwepo wa kuijibu. Mifumo mingi huitupa kama takataka. Lakini ndani yake mara nyingi kuna vichwa vya barua uliyoituma, pamoja na `4812-k9x2`. Ukivisoma, unaweza kuiweka taarifa kwenye tiketi yenyewe kwa rangi nyekundu: jibu hili halikumfikia mteja. Mhudumu akiliona hilo, anachukua simu na kumpigia.