Unene wa sufuria ya nonstiki, na jinsi ya kuupima kwa mizani

Katika kulinganisha chapa za sufuria za alumini zenye utando wa nonstiki, watu huuliza kwanza utando una tabaka ngapi. Ni swali zuri, lakini unene wa alumini iliyo chini yake ni muhimu zaidi, kwa sababu ndio unaoamua utando utapata joto kiasi gani.

Utando ulioenea zaidi ni wa PTFE, unaofahamika sana kwa jina la Tefloni. Huvumilia joto la hadi nyuzijoto 260 hivi. Ukizidi hapo huanza kuchakaa, na ukipita 350 hutoa moshi unaoweza kumpa mpishi homa na hata kuua ndege wa kufugwa jikoni. Sufuria nyembamba ikiachwa tupu juu ya moto mkali hufika 260 kwa dakika chache tu. Joto hukusanyika pale mwali unapogusa, halafu kitako hubinuka, mafuta yanakimbilia pembeni na katikati panabaki pakavu. Ndiyo maana utando hugeuka kahawia na kushika chakula katikati kwanza. Kitako cha milimita 3 au zaidi hutawanya joto vizuri na hakibinuki upesi.

Unene ulioandikwa kwenye boksi mara nyingi ni wa kitako peke yake, kwa hiyo ni bora kupima. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7. Chukua sufuria isiyo na mfuniko, yenye kipenyo cha sentimita 24 na kina cha 12. Kitako chake kina eneo la sentimita za mraba 452 na ukuta 905, jumla 1,357. Kila milimita moja ya unene ina uzito wa gramu 366 hivi. Ikiwa na gramu 550, wastani wa unene ni milimita 1.5, ikiwa na 1,100, ni milimita 3. Toa kwanza uzito wa vishikio. Kitako kikiwa na bamba la chuma kwa ajili ya jiko la induksheni, hesabu hii haifai.

Maneno "haina PFOA" yasikuchanganye. PFOA ni kemikali iliyotumika kiwandani kutengenezea PTFE, na mwaka 2019 iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa kuhusu kemikali za sumu zisizooza upesi, ili iondolewe. Sufuria isiyo na PFOA bado inaweza kuwa ya PTFE, na kikomo chake cha joto ni kilekile.

Utando ukibanduka, vipande vikimezwa hupita tumboni bila kuyeyuka. Tatizo ni alumini iliyobaki wazi: nyanya, ndimu au siki vikichemshwa humo muda mrefu, au vikilala humo usiku kucha, huivuta ikaingia kwenye chakula. Sufuria ya namna hiyo isipikiwe tena vyakula vichachu.