Nyonga Iliyoteguka kwa Nyuma: Neva, Muda wa Kuirudisha na Mfupa Unaokufa Baadaye

Nyonga nyingi zinazoteguka huteguka kwa nyuma, na kisa chake mara nyingi ni kilekile: abiria wa kiti cha mbele ameketi huku amekunja magoti, gari linagongana uso kwa uso, goti linapiga dashibodi, na nguvu hiyo inapita katika paja hadi kukisukuma kichwa cha mfupa nje ya kikombe chake. Ukimwona kitandani, mguu umefupika, paja limekunjwa kidogo, na goti limegeukia ndani likiuegemea mguu wa pili. Aliyevunjika shingo ya mfupa wa paja naye mguu wake hufupika, lakini wake kwa kawaida hugeukia nje.

Chukulia kijana wa miaka 31 aliyepata ajali ya namna hiyo saa tatu usiku na kufikishwa hospitalini saa tano. Kabla mtu yeyote hajaushika mguu ule kuuvuta, ninataka neva ya siatiki ipimwe na matokeo yaandikwe pamoja na saa. Neva hiyo hupita nyuma kabisa ya kiungo, mahali pale pale kichwa cha mfupa kilikokwenda, na takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi, pengine zaidi, huumia neva. Mwambie avute unyayo juu, kisha ainue kidole gumba peke yake. Halafu gusa ngozi iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha pili, umuulize kama anahisi sawa na mguu mwingine. Sehemu ya neva inayoinua unyayo ndiyo inayoumia zaidi, kwa hiyo mgonjwa anayeweza kukandamiza unyayo chini vizuri bado anaweza kuwa ameumia. Kijana wetu hakuweza kuinua kidole gumba. Kama jambo hilo lingegunduliwa baada ya kuvutwa, hakuna ambaye angejua kama limetokana na ajali au na mikono yetu, na uamuzi wa kufungua kidonda kuitazama neva hutegemea sana jibu hilo.

Eksirei huja kabla ya kuvuta, na jicho liende kwanza kwenye shingo ya mfupa wa paja. Ikiwa na ufa, kuvuta kunaweza kuivunja kabisa na kukiacha kichwa bila damu. Mgonjwa huyo ni wa chumba cha upasuaji. Yetu ilikuwa nzima. Akapewa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, msaidizi akaikandamiza nyonga kitandani, nami nikakunja paja hadi pembe mraba na kulivuta kuelekea juu polepole, nikiligeuza kidogo ndani na nje, hadi kiungo kikaingia. Ilikuwa saa nane usiku, saa tano tangu ajali. Misuli isiyolegea ndiyo huwafanya watu watumie nguvu kupita kiasi. Ikishindikana mara mbili au tatu chini ya usingizi mzuri, kuna kitu kimezuia na inabidi kufungua. Baada ya kurudisha, neva hupimwa tena, na skani ya CT hutafuta vipande vya mfupa vilivyonaswa ndani ya kiungo.

Haraka hii yote ni kwa ajili ya damu. Ateri kuu inayolisha kichwa cha mfupa huzunguka nyuma ya shingo yake, na nyonga ikiwa nje, ateri hiyo huvutwa na kupindwa. Kurudisha kiungo hulegeza mkunjo huo, ndiyo maana tunalenga ndani ya muda wa saa sita tangu ajali. Ukipita, hatari ya mfupa kufa huongezeka, ingawa hata aliyechelewa anapaswa kurudishwa mara moja. Lakini ateri iliyochanika dakika ile ya mgongano haiunganishwi na kuvuta, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Mfupa uliokufa hauporomoki mara moja. Hubaki imara, na kwenye eksirei hufanana na ulio hai kwa miezi mingi. Huanza kudhoofika mwili unapoota mishipa mipya pembeni na kuumeng'enya mfupa wa zamani. Kwa hiyo wengi huonyesha dalili ndani ya miaka miwili, na wachache hata baadaye zaidi. MRI huona mapema kuliko eksirei, ila ikipigwa siku za mwanzo inaweza kuonekana safi.

Kijana wetu aliinua unyayo tena baada ya miezi kadhaa, na alitembea vizuri. Mwezi wa kumi na nne alikuja na maumivu ya kinena yaliyozidi alipopanda ngazi, na nyonga ilikataa kugeuka ndani. Eksirei ilikuwa ya kawaida. MRI ilionyesha eneo lililokufa sehemu ya juu ya kichwa, bila kuporomoka. Kwa kuwa duara la kichwa lilikuwa bado zima, tuliweza kutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo ndani yake, nafasi ambayo hupungua sana kichwa kikishabonyea.