Kipande cha katikati hakina sakafu

Wiki hii nimeletewa tena chati ya pau zilizobebana, vipande sita kila upau. Nilipolalamika kwamba vipande vya katikati vinapotosha nikapewa jibu lile lile: "Lakini asilimia si zimeandikwa ndani?" Haya, leo nalijibu kwa maandishi ili mara nyingine nitume kiungo tu.

Mfano wa kubuni: kata moja, miaka minne, kaya zinapikia nini. Kuni ni asilimia 60, 50, 38, 25. Mkaa ni 30, 33, 36, 39. Gesi ni 10, 17, 26, 36. Weka kuni chini, mkaa katikati, gesi juu, kisha bonyeza `100% Stacked Column` kwenye Excel. Mwonyeshe mtu haraka haraka, umuulize mkaa umefanyaje. Usishangae akikwambia umeshuka. Ukingo wa chini wa mkaa umetoka 60 hadi 25, na wa juu umetoka 90 hadi 64, kwa hiyo kipande chote kinateremka huku kikinenepa kimyakimya. Kumbe mkaa umeongezeka pointi 9, yaani asilimia 30 ya ulipoanzia. Ni mtoto aliyebebwa mabegani na baba anayechuchumaa: mtoto anarefuka, kichwa kinashuka.

Sababu inajulikana tangu watafiti wa takwimu Cleveland na McGill walipochapisha majaribio yao mwaka 1984. Watu hulinganisha vizuri vitu vilivyoanzia kwenye mstari mmoja, maana wanatazama ncha tu. Vikianzia mahali tofauti, inabidi wakadirie urefu wenyewe, na hapo makosa huongezeka. Heer na Bostock walirudia kazi hiyo mtandaoni mwaka 2010, wakapata picha ileile kwa jumla.

Sasa hizo namba za ndani. Msomaji anayelazimika kusoma 30, 33, 36, 39 ili aelewe anasoma jedwali lililopakwa rangi, tena jedwali baya, kwa sababu kila namba imekaa kimo chake badala ya kupangwa mstari mmoja. Na hapa namba zinasema umepanda, umbo linasema umeshuka. Mkurugenzi anayepitia ripoti akiwa kwenye gari ataondoka na umbo.

Sisemi tuzitupe. Kama hoja yako ni jumla pamoja na kipande cha chini, pau zilizobebana zinatosha kabisa. Zikiwa za asilimia mia unapata zawadi nyingine: kipande cha juu nacho kinasomeka, kwa kuwa kinaning'inia kwenye dari moja. Ndiyo maana gesi hapo juu haimsumbui mtu. Kwa idadi halisi dari hilo halipo, jumla zinapotofautiana. Vipande viwili kwenye asilimia mia havina tatizo lolote, endelea navyo.

Linalonikera zaidi ni kwamba hata wanaozikataa pau hizi hawaangalii kingo zinasema nini. Ukingo kati ya mkaa na gesi uko 90, 83, 74, 64. Hiyo ni kuni na mkaa kwa pamoja, yaani kaya ambazo bado hazijahamia gesi. Kama sentensi yako ni "wasiotumia gesi wamepungua kutoka 90 hadi 64," chati hii inaisema vizuri, na ukingo huo ndio wa kuukolezea mstari. Lakini inawezekana tu kwa sababu kuni na mkaa vimekaa jirani na kuvijumlisha kuna maana. Ingiza gesi katikati yao, na ukingo unajumlisha kuni na gesi, jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Dodoso za kutoka "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa" hufaidika na hilohilo, maana mpangilio wake una maana tayari.

Ukitaka mkaa wenyewe uonekane, ushushe chini, ukijua kuni sasa ndiyo itakayoelea. Ukitaka vyote vitatu, kipe kila kimoja paneli na sakafu yake, kwa ggplot2 ya R:

```r
ggplot(d, aes(mwaka, asilimia)) +
  geom_col() +
  facet_wrap(~ nishati, nrow = 1)
```

Hapo mkaa unapanda waziwazi. Ila nikiri kwamba paneli hizi haziniridhishi kabisa. Zinapoteza ile hisia kwamba vitatu vinagawana mia moja, na wasomaji wangu huuliza kama jumla inatimia. Pia majaribio ya 1984 yaliwataka watu wakadirie kipande kidogo ni asilimia ngapi ya kikubwa, na sijui msomaji wa ripoti anayefanya hivyo. Kwa mabadiliko ya miaka, mimi huchora mistari mitatu na kuandika chini yake kwamba jumla ni 100.

Na ukibaki na pau zilizobebana kwenye ggplot2, kumbuka kundi la kwanza hupangwa juu, si chini. Ukiitanguliza kuni utaikuta darini, mpaka uandike `position_stack(reverse = TRUE)`, au `position_fill(reverse = TRUE)` kwa asilimia mia.