Modepasi ni ile ile, lakini PgBouncer inakatala

Wiki hii tena mutu amenipigia hapa Goma, sauti ya juu: "Modepasi sikuigusa, ni ile ile, sasa mbona PgBouncer inakatala?" Nimechoka kulijibu kwa simu, basi najibu hapa maneno yenye watu wananiambia, moja moja.

"Modepasi ni ile ile, basi userlist.txt iko sawa." Hapana. Serveri ya Postgres haichungi modepasi, inachunga alama yake. Wakati wa md5 ile alama yenyewe ilitosha kuingia, PgBouncer ilijibu serveri nayo bila hata kujua modepasi. SCRAM imefunga mlango huo makusudi: alama yake inatosha kumutambua mutu, haitoshi kujifanya yeye. Kwa hiyo PgBouncer (kuanzia 1.14) inaazima ufunguo kwa aplikasio wakati inaingia kwa SCRAM, na ufunguo unatoka kwa modepasi pamoja na chumvi, yani herufi za kubahatisha zenye kuchanganywa nayo, njo maana alama ya userlist.txt na ile ya serveri lazima zifanane herufi kwa herufi.

Huyu wa wiki hii ana serveri mbili, moja Goma, moja Bukavu, PgBouncer moja mbele yao. Aliandika ALTER ROLE kwa kila moja, modepasi moja, akakopia alama ya Goma ndani ya userlist.txt. Lakini Postgres inachukua chumvi mpya kila unapoandika modepasi! Goma inaingia vizuri, Bukavu:

```
FATAL: password authentication failed for user "caisse"
```

Akaiandika tena modepasi mara sita, yani akabadilisha chumvi mara sita. Ukiingia moja kwa moja kwa 5432 ya Postgres inakubali, ukipita kwa 6432 ya PgBouncer inakatala, basi usihangaike na modepasi, linganisha alama kwa serveri zote mbili:

```sql
SELECT rolpassword FROM pg_authid
WHERE rolname = 'caisse';
```

Mistari yote itaanza na SCRAM-SHA-256$4096: halafu inaachana. Chukua ule wa Goma wote, ubandike Bukavu:

```sql
ALTER ROLE caisse PASSWORD 'SCRAM-SHA-256$4096:...';
```

Postgres inaona ni alama tayari, inaiweka vile iko.

"Rudisha md5 ndani ya pg_hba.conf." Haisaidii kitu. Kama alama ya mutu ni ya SCRAM, hata mustari wa md5 unamuuliza SCRAM.

"Postgres 14 ilibadilisha modepasi zote." Ilibadilisha tu zile utakazoandika toka hapo, za zamani zinabaki md5, njo unaona wengine wanaingia na mumoja anakatazwa.

"Alama ya SCRAM inafaa hata kwa auth_user." Hapana. Huyo ni yule PgBouncer yenyewe inaingia naye kutafuta alama za wengine, hana aplikasio ya kumuazimisha ufunguo, pia ukiweka user= kwa mustari wa baze ni vile vile. Hapo andika modepasi yenyewe wazi ndani ya userlist.txt, na chmod 600 kwa fishie, usiniletee 644.