Karanga moja ina nishati kiasi gani? Kipimo cha moto na maji

Pakiti ya karanga dukani huandikwa kwamba gramu 100 zina kilojouli 2,400 au karibu na hapo. Nishati yenyewe huwezi kuiweka kwenye mzani, kwa hiyo njia ya kuipima ni kuigeuza kuwa joto, kulielekeza joto hilo kwenye maji, kisha kuangalia maji yamepata moto kiasi gani. Chakula kinachomwa, maji yanapokea, themometa inasoma. Vipimo vya nishati ya chakula vilianzia hapo, na jaribio la karanga la sekondari linafuata njia hiyohiyo.

Niseme mapema kwamba karanga haitumbukizwi majini. Inawaka hewani, na maji yako juu yake ndani ya neli ya kioo iliyoshikwa na stendi, kama sufuria juu ya mafiga.

Karanga tunayo. Wilaya ya Kongwa, hapa Dodoma, ndipo serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi wake mkubwa wa karanga mwaka 1947, kwa sababu baada ya vita kwao mafuta ya kula yalikuwa adimu. Mradi ulifungwa mwaka 1951. Shabaha yao ilikuwa mafuta, na mafuta hayo, karibu nusu ya uzito wa karanga, ndiyo yanayoifanya iwake yenyewe bila kuchochewa.

Vifaa ni vichache: karanga kavu iliyomenywa, sindano ya kushonea iliyochomekwa kwenye kizibo ili isikuunguze, neli ya kuchemshia, bomba la sindano la kupimia maji, themometa, mzani na taa ya spiriti. Mwanafunzi ambaye karanga humdhuru asikae karibu na moshi wake.

Mzani ndio unaowakwamisha wengi. Karanga moja haifiki gramu moja, na mzani wa jikoni unaoruka gramu mojamoja utakuambia 1 au 0, jibu lisilofaa kwa lolote. Unahitaji mzani unaosoma sehemu ya mia ya gramu, kama ule wa sonara. Ukiukosa, pima karanga 20 zinazolingana kwa ukubwa, ugawe kwa 20.

Sasa tuchukue mfano. Karanga ina gramu 0.80. Ndani ya neli tumetia mililita 20 za maji, ambazo ni gramu 20, na themometa inasoma digrii 26. Chomeka sindano polepole upande wa ncha, maana ukiisukuma kwa nguvu karanga hupasuka vipande viwili. Iwashe kwenye taa ya spiriti, mbali na neli. Mwanzo inachirizika tu na mafuta yanang'aa juu ya ngozi yake, kisha moto wa njano unashika. Hapo ipeleke haraka chini ya neli, kama sentimita mbili kutoka kwenye kioo, na uanze kukoroga maji taratibu. Ikizimika mapema, iwashe tena uirudishe. Moto ukiisha, usiondoe macho kwenye themometa, kwa sababu kioo bado kinayapa maji joto. Chukua namba ya juu kabisa iliyofikiwa. Kwetu ni digrii 71. Kinachobaki kwenye sindano ni kidonge cheusi cha gramu 0.10.

Hesabu inategemea namba moja: gramu moja ya maji ikiongezwa digrii moja, inakuwa imepokea jouli 4.2. Kwa hiyo:

```
E = m × c × ΔT
E = 20 × 4.2 × (71 − 26)
E = 20 × 4.2 × 45 = 3,780 J
```

Hapa E ni nishati, c ni ile 4.2, ΔT ni digrii zilizoongezeka, na m ni uzito wa maji. Wanafunzi wengi huweka 0.80 ya karanga mahali hapo, wanapata jouli 151 na wanashangaa. Uzito wa karanga unaingia mwishoni, tunapotaka nishati ya gramu moja. Kilichoungua ni 0.80 ukitoa 0.10, yaani gramu 0.70. Gawanya 3,780 kwa 0.70, unapata jouli 5,400, au kilojouli 5.4 kwa gramu.

Pakiti inasema karibu 24. Tumekamata chini ya robo, na hilo ni jibu la kawaida kabisa kwa vifaa hivi. Atakayeleta 23 katika jaribio la kwanza, mimi ningeomba kuliona daftari lake.

Joto lililobaki limekwenda wapi? Sehemu kubwa imepotea hewani. Moto wa karanga ni mpana kuliko kitako cha neli, na hewa ya moto hupanda pembeni bila hata kugusa kioo. Dodoma ina upepo, na darasa lenye madirisha wazi linatosha kuulaza moto upande mmoja. Utaujua upotevu huu kwa kutazama: ncha ya moto ikicheza nje ya neli, maji hayapandi. Dawa yake ni kopo la bati lililokatwa pande zote mbili na kutobolewa matundu chini, likauzingira moto kama kinga. Matundu hayo yasisahaulike, maana bila hewa karanga itatoa moshi kuliko moto.

Sehemu ya pili imo kwenye kioo chenyewe. Neli imepata moto pamoja na maji, lakini hesabu yetu haikuitaja. Kioo kinahitaji kama jouli 0.8 kwa gramu kwa digrii. Neli yetu ikiwa na gramu 25 na ikapanda digrii 45 yote, imechukua jouli 900. Ukiziongeza kwenye 3,780, jibu linakuwa kama kilojouli 6.7 kwa gramu. Hiyo 900 ni ya juu kidogo, kwa kuwa sehemu ya neli iliyo juu ya maji haikupanda kiasi hicho, lakini inaonyesha kwamba hasara hii, tofauti na ile ya hewani, unaweza kuikadiria kwa kalamu na kuirudisha.

Sehemu ya tatu unaiona ukipitisha kidole kwenye kitako cha neli kikishapoa. Masizi. Yale ni kaboni ambayo haikuungua, pamoja na moshi uliokwenda zake. Kidonge cheusi kilichobaki kwenye sindano nacho kwa sehemu kubwa ni kaboni, na kaboni ikiungua yote hutoa kama kilojouli 33 kwa gramu. Ndiyo maana kutoa ile 0.10 si marekebisho safi kama vitini vinavyoonyesha. Tunapoitoa tunaihesabu kama karanga ambayo haikuguswa, wakati ni makaa yenye nishati nyingi kwa gramu kuliko karanga yenyewe. Ukigawa kwa 0.80 unapata 4.7, ukigawa kwa 0.70 unapata 5.4. Vyovyote utakavyochagua, andika umetumia ipi.

Kuna kosa lingine linalojificha mpaka ufanikiwe kupunguza hayo. Tuseme joto lote la karanga yetu, kama kilojouli 19, lingeingia kwenye gramu 20 za maji. Kwa hesabu yangepanda zaidi ya digrii 220. Haiwezekani, kwani yangechemka kwanza. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka karibu na digrii 96, si 100. Yakifika hapo, themometa inasimama hata kama moto unaendelea, na kila gramu ya mvuke inayotoka inaondoka na kama jouli 2,260 ambazo hesabu yetu haizioni. Hata kabla ya kuchemka, maji ya digrii 80 yanatoa mvuke wa kutosha kupunguza jibu. Ukiona mvuke mdomoni mwa neli, au namba imeganda kwenye 95 au 96, kipimo hicho kimeharibika. Ongeza maji. Kwa kopo dogo lenye gramu 100, joto lote la karanga lingeleta digrii 46 hivi, na hapo kuna nafasi. Ila kwa neli isiyo na kinga, gramu 100 zingepanda digrii chache tu, na kosa la kusoma nusu digrii lingekuwa na uzito. Kiasi cha maji huchaguliwa kulingana na ubora wa kinga yako.

Angalia kwamba makosa yote haya yanavuta upande mmoja: jibu linashuka. Kurudia jaribio na kutafuta wastani hakuyaondoi. Kurudia kunasaidia pale namba zinaporuka juu na chini, kwa mfano usomaji wa themometa au sekunde zinazopotea kati ya taa na neli. Karanga tano zikikupa 5.1 hadi 5.6, umejua kwamba mkono wako umetulia, lakini hujakaribia 24 hata kidogo.

Njia nzuri zaidi ni kuchoma kitu ambacho nishati yake inajulikana. Ethanoli safi hutoa kilojouli 29.7 kwa gramu. Weka taa yake chini ya neli ileile, kwa umbali uleule na kinga ileile, pima uzito wa taa kabla na baada. Tuseme umepata 8.9. Basi vifaa vyako vinakamata asilimia 30. Rudi kwenye karanga: 5.4 gawanya kwa 0.30 ni 18. Tumesogea mbali sana kutoka 5.4, ila bado hatujafika, na sababu ni kwamba ethanoli huwaka kwa moto safi usio na masizi, wakati karanga inatoa moshi mweusi. Tatizo hilohilo linaingia unapolinganisha karanga na mkate mkavu kwenye neli moja: chenye mafuta mengi hupoteza zaidi kwa masizi, kwa hiyo tofauti utakayoona ni ndogo kuliko ilivyo kweli.

Maabara kubwa hutibu masizi kwa oksijeni. Chakula kilichokaushwa hufungiwa ndani ya chombo kinene cha chuma kilichojazwa oksijeni kwa shinikizo la angahewa 30 hivi, chombo kinazamishwa ndani ya maji, kisha chakula kinawashwa kwa waya wa umeme. Hapo ndipo karanga inapowaka kweli chini ya maji, na joto halina pa kukimbilia. Kifaa hicho, kalorimita ya bomu, husoma kama kilojouli 27 kwa gramu ya karanga, yaani zaidi ya pakiti. Pakiti hushuka hadi 24 kwa sababu mwili hauchomi kama moto: nyuzi nyingi hupita bila kusagwa, na sehemu ya nishati ya protini hutoka na mkojo ikiwa ndani ya urea. Kwa hiyo jibu la jaribio la moto, likiwa limesahihishwa, lilinganishwe na 27 ya bomu. Ile 24 ya pakiti imeshakatwa makato ya mwili.