Programu ya Kunasa Hukisia Tu

"Mwalimu, si kuna programu ya kunasa kazi iliyoandikwa na akili bandia? Ipitisheni humo, atakayenaswa aadhibiwe."

Wazazi wangu, programu hiyo hukisia tu, kwa kupima maneno yanavyotabirika; yakitabirika sana, husema ni ya akili bandia. Mtoto anayeandika Kiingereza chepesi cha darasani hutabirika, basi huonewa. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa kukosa usahihi.

Sisi tunadai rasimu ya mkono, pamoja na mikwaruzo yake. Kisha mwalimu anamwita mwanafunzi: "Umeandika kuwa Jangwani, Dar es Salaam, hufurika kwa sababu Mto Msimbazi umejaa mchanga. Mchanga unaletaje mafuriko?" Aliyeandika mwenyewe anaweza kubabaika, hasa mwenye haya, ila mpe chaki atakuchorea mto. Aliyenakili hata pa kuanzia hana. Na aliyeuliza akili bandia jambo lililomtatiza aandike pembeni alichouliza. Hatuna ugomvi naye.