Wali wa kiporo, viazi baridi na wanga unaofika utumbo mpana

Nasikia wali uliolala kwenye friji haupandishi sukari kama wali wa moto. Wali ni uleule, kimebadilika nini?

Kimebadilika mpangilio wa wanga ndani ya punje. Mchele mbichi umejaa chembechembe za wanga zilizofungamana. Zikipata maji na moto zinafura, na nyuzi za wanga zinaachana. Ndiyo maana wali wa moto ni laini, na ndiyo maana vimeng'enya vya mate na vya kongosho vinazikata nyuzi hizo haraka kuwa glukosi.

Wali ukianza kupoa, nyuzi zile zinasogeleana tena na kushikana. Ziko za aina mbili. Amilosi imenyooka, kwa hiyo inajipanga ndani ya saa chache. Amilopektini ina matawi mengi na huchukua siku kadhaa. Mabadiliko haya unayashika kwa mkono: wali wa kiporo ni mkavu na mgumu, na kiazi kilicholala hukatika vipande safi bila kuvurugika. Palipokaza hivyo, kimeng'enya hakipati pa kushika. Sehemu hiyo ya wanga hupita utumbo mwembamba bila kuvunjwa na kufika utumbo mpana ikiwa nzima. Hans Englyst na wenzake, watafiti waliokuwa wakipima nyuzinyuzi za vyakula huko Uingereza, waliuita wanga sugu mwaka 1982, baada ya kuona kuna wanga ambao vimeng'enya vyao vya maabara vilishindwa kuumaliza.

Kuna video inasema ukipoza wali unapunguza nusu ya kalori zake. Ni kweli?

Si kweli, na hesabu yake ni fupi. Utafiti uliofanyika Indonesia, ukachapishwa 2015, ulipima wali mweupe. Ukiwa umetoka jikoni ulikuwa na gramu 0.64 za wanga sugu katika kila gramu 100. Uliokaa kwenye friji saa 24 kisha ukapashwa moto ulikuwa na gramu 1.65.

Chukua sahani yenye gramu 200 za wali. Wa moto una wanga sugu gramu 1.3 hivi, wa kiporo gramu 3.3. Umeongeza gramu 2. Wanga wa kawaida hutoa kalori 4 kwa gramu, wanga sugu kama 2, kwa sababu bakteria wa utumboni wanaugeuza kuwa kitu ambacho mwili bado unakitumia. Kwa hiyo umepunguza kalori 4 hivi kwenye sahani ya kalori zinazokaribia 260. Anayekula kiporo ili apungue uzito atangoja sana.

Kwenye sukari ya damu habari ni tofauti kidogo. Katika utafiti huohuo, watu 15 wenye afya walipokula wali wa kiporo uliopashwa, sukari yao ilipanda kidogo kuliko walipokula wali uliotoka jikoni. Gramu 2 peke yake zisingetosha kueleza hilo. Nadhani jibu liko kwenye wanga uliobaki: nao umekaza, kwa hiyo hata unaomeng'enywa unameng'enywa polepole. Lakini aina ya mchele ina uzito. Mchele ambao punje zake huchambuka una amilosi nyingi na hubadilika zaidi. Ule unaonata una amilosi kidogo sana, na kuupoza hakuleti tofauti kubwa.

Sipendi chakula baridi. Nikipasha moto, faida inaondoka?

Inaondoka sehemu tu. Amilosi iliyojipanga haiachani mpaka joto lipite nyuzi 100 kwa mbali, na jiko la kawaida halifiki huko ndani ya chakula chenye maji. Amilopektini huachana mapema, hata chini ya nyuzi 70. Kiazi mviringo kina amilopektini nyingi, kwa hiyo kinapoteza zaidi. Kipimo kimoja cha viazi kilipata wastani wa gramu 3.1 za wanga sugu kwa gramu 100 vikiwa moto, 4.3 vikiwa baridi, na 3.5 vilipopashwa. Kama unaweza kula viazi vyako baridi kwenye saladi, hapo ndipo utaona tofauti.

Maharage hayahitaji kusubiriwa yapoe. Wanga wake umefungiwa ndani ya kuta za seli ambazo hata baada ya kuchemshwa nyingi hubaki nzima, na vimeng'enya huingia kwa shida. Kupoza huongeza kidogo. Ukiyaponda yakawa uji laini, baadhi ya kuta zinapasuka na sehemu ya kinga hiyo inaondoka.

Nikila viazi baridi au maharage tumbo linajaa gesi. Vinanidhuru?

Kwa kawaida havikudhuru. Wanga sugu ukifika utumbo mpana, bakteria wanauchachusha, na gesi hutoka hapo. Pamoja na gesi wanatengeneza asidi nyepesi, mojawapo ikiitwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana. Gesi ya maharage ina chanzo kingine pia: sukari fulani ambazo mwili hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Ukiyaloweka na kumwaga maji ya kulowekea, zinapungua.

Anza na vijiko viwili vitatu, kaa wiki moja, kisha ongeza. Mwenye utumbo unaosumbuka kwa urahisi anaweza asivumilie hata hivyo, na hana sababu ya kujilazimisha. Lakini damu kwenye choo, kuhara kusikokoma au kukonda bila sababu si gesi ya viazi. Nenda hospitali.

Huwa naacha sufuria ya wali jikoni usiku kucha ili upoe. Inatosha?

Tafadhali acha kufanya hivyo. Mchele hubeba mbegu za bakteria wa jamii ya basilasi, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukibaki vuguvugu zinachipua, na baadhi ya bakteria hao hutoa sumu ya kutapisha ambayo kupasha moto hakuiui. Wali unaweza usinuke wala usibadilike ladha.

Utoe kwenye sufuria ukiwa umeiva, uutandaze kwenye chombo kipana ili mvuke utoke, na ndani ya saa moja uwe kwenye friji yenye nyuzi 5 au chini. Ule ndani ya siku moja. Ukiupasha, upashe mara moja tu, mpaka utoe mvuke kotekote.

Mama yangu anachoma insulini. Nimpikie kiporo?

Anaweza kula, ila asibadilishe kipimo cha dawa kwa kubahatisha. Akichoma dozi aliyozoea kwa wali wa moto, kisha akala kiporo ambacho sukari yake inaingia polepole, dawa inaweza kuitangulia sukari hiyo, na sukari ya damu yake ikashuka mno: atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa. Apime kabla ya kula na saa mbili baadaye, siku tatu na wali wa moto na siku tatu na kiporo, kwa kiasi kilekile cha wali na mboga ileile. Namba hizo aende nazo kwa daktari wake, na hadi watakapokuwa wamezungumza, sukari au juisi ikae karibu naye.